Nilifunga Jalada la Mke Wangu

Mke wangu wanamwita Mama Futi, na nusu ya mtaa haijui kwamba ana jina jingine. Jina limetokana na futikamba ya njano inayoning'inia shingoni mwake tangu asubuhi mpaka anapolala, na pia kwa sababu humkumbuka kila mtu kwa vipimo vyake. Ukimwuliza habari za jirani aliyehama miaka kumi iliyopita, atakwambia, "Yule wa kiuno sabini na nne, mkono mmoja umezidi kidogo?" Anashona nguo za harusi, mwaka wa ishirini na sita huu, katika chumba cha mbele cha nyumba yetu. Mna meza ya kukatia, cherehani mbili, kioo kirefu, kompyuta kuukuu, na kiti kimoja cha plastiki ambacho ni changu.

Mimi nilikuwa karani wa masjala. Kwa miaka thelathini na moja nilipokea barua za ofisi, nikazigonga muhuri, nikazitia kwenye majalada. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani kwamba yaliyotokea yalifanywa na mbumbumbu. Kazi niliijua. Ila niliijua hiyo moja tu, na nikadhani dunia nzima inaendeshwa hivyo.

Mwaka huu Mama Futi alipata mteja mmoja aliyemkosesha usingizi. Ni mwalimu wa hesabu, mpole, ambaye mgongo wake ulipinda tangu utotoni, bega la kulia limepanda juu na kiuno kimekwenda upande. Mafundi wawili walimwambia avae gauni pana, basi. Mke wangu alimsimamisha mbele ya kioo, akamzunguka mara tatu bila kusema kitu, kisha akasema, "Hakuna cha kuficha hapa. Nguo ndiyo itakayokufuata wewe." Alimpima mara tano. Alishona gauni la majaribio kwa kitambaa rahisi cha marekani, akalifumua, akalishona tena. Wiki tatu nzima alichora pateni yake, yaani vile vipande vya karatasi ambavyo fundi huvifuata akikata kitambaa. Siku mwalimu alipovaa lile la marekani la mwisho, alijitazama kwenye kioo mpaka mimi nikainuka kwenye kiti changu nikatoka nje, maana machozi ya watu yananitia aibu.

Pateni hiyo haikuwa kwenye karatasi. Ilikuwa kwenye mtandao fulani wa mafundi. Binti yetu ndiye aliyemwandikisha mama yake huko: unaingiza vipimo, unachora kwenye kompyuta, ukitaka kukata unachapisha kurasa na kuziunganisha kwa gundi. Kila mwaka unalipia uanachama, na kila ulichochora kinatunzwa humo. Mteja naye ana ukurasa wake wa kuona gauni linavyoendelea na kumwandikia fundi neno. Mke wangu ana miaka saba humo. Miili ya wanawake mia mbili na kitu imelala mle ndani.

Basi macho yakaanza kumsumbua. Mtoto wa jicho, yote mawili, la kushoto zaidi. Akawa anaisogeza simu mpaka iguse pua. Na mtandao ule ulikuwa na tabia ya kutuma barua pepe, tano, sita kwa siku. Mikono ya mtindo mpya. Punguzo la vifungo. Jinsi ya kushona kola bila kulia. Kila barua simu inapiga kengele, naye anaacha mkasi, anakodoa macho, akidhani ni mteja.

"Nizuilie hizi barua, Karani," aliniambia siku moja. Huniita Karani akiwa na shida na mimi. "Zitanimaliza macho kabla daktari hajanigusa."

Chini kabisa ya kila barua palikuwa na maneno madogo: Jiondoe kwenye orodha ya barua. Niliyaona. Nikayadharau. Masjala hatukuwa tunazima barua moja moja. Barua zikizidi kuhusu jambo lisilotakiwa, unakwenda kwenye rafu, unalishika jalada lenyewe, unaandika juu yake LIMEFUNGWA, na kazi imekwisha. Kwa hiyo nikaingia kwenye akaunti ya mke wangu, nikatafuta mzizi, nikaupata: Ghairi uanachama. Uanachama wa nini? Wa kuletewa barua, nikajijibu. Ukurasa ukaniuliza kama nina uhakika. Nina uhakika. Ukauliza sababu. Nikachagua "Barua nyingi mno." Ukanipa punguzo, nikalikataa kwa madaha. Mwisho ukaleta sentensi mbili. Ya kwanza ilisema nitaendelea kutumia huduma mpaka mwisho wa mwaka uliokwisha kulipiwa. Ya pili ilisema kwamba baada ya hapo pateni zitafungwa, na zitafutwa zikitimia siku thelathini. Mtu aliyesoma barua za wenzake kwa miaka thelathini na moja aliisoma ya kwanza tu, kidole kikawa kimeshabonyeza.

Kesho yake barua zikaja saba. Tunasikitika unaondoka. Rudi, tumekukumbuka. Hapo nikapandwa na hasira kwelikweli. Masjala, barua ikija kwa jalada lililofungwa inatupwa kwenye sanduku la chini ya meza. Nikaweka kichujio kwenye barua pepe yake: chochote kitokacho kwenye anwani ile kiende moja kwa moja kwenye pipa la takataka, bila kengele. Kukawa kimya. Mama Futi alinipikia chai bila kuombwa, akanigonga begani kwa futikamba yake. Nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Miezi miwili baadaye akafanyiwa upasuaji. Daktari alikataza cherehani, kompyuta na kuinama kwa mwezi mzima. Nikawa mlinzi wake. Simu yake nilikaa nayo mimi, na aliyepiga nilimjibu hivi, "Fundi kapumzika, asisumbuliwe. Kama una neno, mwandikie." Nililisema kwa sauti ile ile ya dirishani masjala. Mwalimu naye alipiga, nikamjibu hivyo hivyo.

Mwezi ulipokwisha, Alhamisi moja, akarudi kazini. Zilibaki siku tisa kabla ya harusi ya mwalimu. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa mezani, cheupe, kimepigwa pasi tangu jana. Alifungua kompyuta saa tisa alasiri, akakaa wima, akasoma mwenyewe bila kusogeza kichwa, na mimi nikafurahi kuona anasoma. Furaha hiyo haikudumu.

"Karani," alisema polepole. "Hapa pameandikwa uanachama wangu ulikwisha. Pateni zangu zimefungwa. Zinafutwa leo saa kumi na mbili jioni."

"Watakuwa wamekosea," nilisema.

"Wanasema waliniandikia mara sita." Akanigeukia. "Mimi sijaona barua hata moja. Wewe uliona?"

"Barua zao ni matangazo matupu," nilijibu, na hilo halikuwa jibu.

Hakubishana. Chini ya tangazo palikuwa na kitufe cha kurejesha uanachama. Akakibonyeza. Mtandao ukataka kwanza ahakikishe kwamba ni yeye: namba ya tarakimu sita imetumwa kwenye barua pepe yake, aiingize ndani ya dakika kumi. Tukaitazama simu juu ya meza. Haikulia. Akaomba namba nyingine. Tukangoja. Kimya. Sasa nilikuwa nimeshajua, maana hata mimi si mjinga kiasi hicho. Namba zilikuwa zinaingia, na kichujio changu kilikuwa kinazipeleka pipani moja baada ya nyingine.

Nikaichukua simu. "Mtandao humu ndani ni dhaifu, naenda uani."

Uani nilimpigia binti yetu kwanza. Yuko kazini, duka la vifaa vya umeme, akanisikiliza huku akihudumia mtu. Nilipofika kwenye kughairi, akamwomba mteja wake angoje.

"Baba, kujiondoa kwenye barua ni kitu kimoja na kughairi uanachama ni kitu kingine. Ungebonyeza yale maneno madogo ya chini, matangazo yangekoma, uanachama ungebaki, na barua za maana, za malipo na tahadhari, zingeendelea kuja. Wewe uliuacha mlango wa barua wazi ukabomoa nyumba."

"Na nikabandika kichujio."

"Na ukabandika kichujio," alirudia. "Baba, namba zimo kwenye pipa. Mwambie mama."

"Nitamwambia."

"Mwambie sasa hivi. Usijitie ujanja."

Nilijitia ujanja. Nilifungua pipa, nikaikuta namba ya mwisho, nikaikariri, nikarudi ndani nikiitaja kwa sauti kubwa. Mke wangu akaiandika. Mtandao ukajibu kwamba namba hiyo imepitwa na muda. Akaomba nyingine. Nikatoka tena uani, nikarudi nayo, ila kwa haraka nilikuwa nimegeuza tarakimu mbili. Sivyo, ukasema mtandao. Umebakiwa na jaribio moja, ukikosea akaunti itafungwa kwa saa tatu. Ukutani ilikuwa saa kumi na moja kasoro robo. Saa tatu zingetupeleka mbali kabisa kupita saa kumi na mbili.

Mama Futi akaweka mikono mapajani. Hakupandisha sauti.

"Kwa nini namba zinapatikana uani tu?"

"Nimesema, mtandao."

"Weka simu hapa mezani."

Nilisimama nayo mkononi. Nataka niseme ukweli wa dakika ile, maana ndio unaoniuma mpaka leo. Sikuwa nafikiria pateni, wala mwalimu, wala bega lake. Nilikuwa nafikiria kwamba ningeweza kulimwaga pipa lote kwa kidole kimoja, kisha nikamwambia simu imeharibika. Miaka thelathini na moja sikuwahi kuandikiwa barua ya onyo. Nilitaka nife nikiwa safi.

"Saa inakwenda," alisema.

Nikaiweka simu mezani, imefunguka pale pale kwenye pipa. Nikamwambia yote, kuanzia maneno madogo ya chini niliyoyadharau mpaka kichujio. Niliongea kama mtu anayetoa taarifa kwa bosi, kwa mpangilio.

Mama Futi aliigeukia kompyuta. Aliomba namba mpya. Ikaingia kwenye pipa mbele ya macho yake. Akaisoma tarakimu moja moja na kuziingiza kwa kidole kile kile anachokivisha tondoo asichomwe na sindano, akazihakiki mara mbili, akabonyeza. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, ukafunguka. Akarejesha uanachama, akaweka kadi yake ya benki, benki ikauliza, akakubali. Saa kumi na moja kasoro dakika saba pateni zikarudi, mstari kwa mstari, na ile ya mwalimu ikiwa juu kabisa, bega moja limepanda.

Nilivuta pumzi. Nikadhani yamekwisha.

Yeye alikuwa amerudi kwenye simu. Alikuwa anashuka kwenye pipa taratibu, anasoma kila kichwa cha barua kwa macho yake mapya. Za miezi ya nyuma zilishajifuta zenyewe, zilibaki za siku thelathini tu. Punguzo la vifungo. Tahadhari ya kwanza. Mikono ya mtindo mpya. Tahadhari ya pili. Kisha akasimamisha kidole.

"Hii si ya kampuni," alisema.

Ilikuwa ya mwalimu. Aliandika kwenye ukurasa wake wa mteja, ambao ulikuwa haujafungwa, na mtandao ukaituma kwa anwani ile ile niliyoilaani. Tarehe ilikuwa ya siku kumi na mbili nyuma. Mke wangu aliisoma kwa sauti, na sauti yake haikuwa ya kusoma, ilikuwa ya kukariri kitu kizito.

"Fundi, pole kwa upasuaji. Nilipiga nikaambiwa nikuandikie. Ndugu zangu wanasema nisikuhangaishe, ninunue la dukani. Mimi nataka lako. Nijibu hata neno moja nami nitangoja."

Chini yake ilikuwepo ya pili, ya siku nne zilizopita.

"Fundi, nimeelewa. Nimechukua la dukani. Ni pana, na nitajifunika shali begani. Asante kwa ile siku ya kioo."

Mama Futi aliiweka simu chini. Alikipapasa kitambaa cheupe mezani, kama anatafuta kasoro. Nilitamani anitukane. Niliona machozi yanamjaa, na daktari alikuwa amesema asilie, dawa za macho hazijakwisha, kwa hiyo hata kulia nilikuwa nimemnyima.

"Usilie," nilisema kipumbavu.

"Nyamaza."

Akatafuta namba ya mwalimu, akaipiga, akaweka sauti ya nje. Ikaita sana. Mwalimu alipopokea, nyuma yake zilisikika kelele za watoto wakitoka darasani.

"Fundi?" alisema. "Umepona?"

"Nimepona, mwanangu. Umeshalipia lile gauni?"

"Nimeshalipia. Samahani, Fundi. Nilidhani umenichoka. Watu huwa wananichoka."

Mke wangu akanisogezea simu juu ya meza, mpaka ikagonga kidole changu.

"Mwambie wewe," alisema.

Nimezungumza na mabosi, na mawakili, na watu waliokuja dirishani wakitaka kunipiga kwa sababu ya faili lililopotea. Sikuwahi kuwa na ulimi mzito kama siku ile. Nilimwambia mwalimu kwamba mimi ndiye mzee aliyepokea simu. Nilimwambia kwamba ndimi niliyemtaka aandike, na kwamba barua zake zote mbili nilikuwa nimezitengenezea njia ya kwenda takani kabla hazijaandikwa. "Fundi hakuziona hadi sasa hivi. Hakukuchoka. Hajui hata kumchoka mtu. Ni mimi, mwalimu. Naomba unisamehe."

Watoto walipita, kengele ya shule ikalia, na hatua zao zikaishia mbali.

"Mzee," mwalimu alisema hatimaye, "nilikaa na ile simu mkononi siku nane. Nikiingia darasani naitia mfukoni, nikitoka naitazama."

"Najua."

"Hujui," alisema, bila ukali. Kisha akavuta pumzi. "Fundi yupo hapo?"

"Nipo," mke wangu akajibu.

"Siku tisa zinatosha?"

Mama Futi alikitazama kitambaa, akazitazama cherehani, akanitazama mimi. "Zinatosha kama kuna mtu wa kunikatia karatasi, kuunganisha, kupiga pasi na kushika pini. Huyo ninaye, na hana kazi nyingine. Njoo kesho ukitoka shule. Lile la dukani lilete, nitalipunguza, utalivaa siku nyingine."

Simu ilipokatika, alinipa mkasi mdogo na rundo la kurasa zilizokuwa zinatoka kwenye mashine ya kuchapisha. Nilikata pembezoni nikafuata mistari, nikaunganisha ukurasa kwa ukurasa kwa gundi, mpaka bega la mwalimu likatokea juu ya meza kwa ukubwa wake halisi. Kwenye mkunjo wa bega nilikosea, nikaunganisha upya. Hakuniambia niache.

Usiku kabla hatujalala alinipa simu, akaniambia nikiondoe kichujio. Nikakiondoa mbele yake. Kisha tukaitafuta barua moja ya matangazo, tukashuka hadi chini, kwenye yale maneno madogo, nikabonyeza Jiondoe kwenye orodha ya barua. Ukurasa ukasema matangazo yatakoma, na kwamba barua zinazohusu akaunti yake na wateja wake zitaendelea kuja. Nikazisoma sentensi zote mbili kwa sauti, kisha nikazisoma tena.

Sasa kila asubuhi, kabla hajavaa futikamba yake, mimi ndiye ninayemsomea barua. Huwa nyingi si za maana. Jana ilikuwepo moja ya mwalimu, na picha ndani yake, bega liko wazi, shali haipo. Chini aliandika kwamba mzee aliyeshika pini asalimiwe. Mke wangu aliniambia nilisome neno hilo mara mbili, na nikalisoma.